SOMO: Kumwandikia mtu mliyefanya kazi pamoja zamani bila yeye kuanza kuwaza unataka shilingi ngapi

Naliandika hili mara moja, nimechoka. Kila wiki kuna mtu ananitumia skrinishoti "niangalizie hii meseji kabla sijatuma", na meseji yenyewe ni "Mambo, upo?" kwenda kwa mtu ambaye hawajaongea tangu 2018.

Kaa kwanza upande wa anayepokea. Bongo hapa mtu aliyepotea miaka akiibuka na "mambo" tupu, kichwani yanakuja matatu: kadi ya mchango, mkopo, au wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo kazi ya meseji yako ni moja tu, iwe na kitu ambacho tapeli hawezi kukijua. Ukilishika hilo mengine yote yanajipanga.

1. Hakikisha namba bado ni yake. Laini ikikaa bila kutumika mtandao unaweza kumpa mtu mwingine. Fanya kama unamtumia hela, jina la mwenye laini likitokea soma, halafu ghairi kabla hujathibitisha. Kumbuka lakini laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mkewe au mdogo wake, jina tofauti peke yake halimaanishi umekosea.

2. Muulize mtu mmoja wa ofisi ile ile kama jamaa yupo salama. Usiruke hii, sababu iko namba 4.

3. Salamu, jina lako, mlikuwa wote wapi, vyote mwanzoni. Kama ulikuwa unampa shikamoo, mpe. Kama mlikuwa mnamwita "mzee" au "mama Asha" endelea hivyo hivyo, ukianza "Ndugu Fulani" umeshakuwa mtu wa benki.

4. Kumbukumbu. Hapa ndipo wengi wanaharibu na mimi niliharibu. Kumbukumbu iwe ndogo, ya nyinyi wawili au watatu, na imuweke mahali pazuri. "Zile enzi bwana, tulikuwa na raha" haihesabiki, hiyo hata tapeli anaiandika. Chagua tukio lenye kitu cha kushikika: chakula, gari lililogoma, mteja aliyekuwa anakuja kila Ijumaa kugomba. Na usiguse haya: nani alifukuzwa, bosi alivyokuwa, hela iliyopotea kwenye droo, na ndoa ya mtu. Mimi nilimwandikia dada mmoja vizuri kabisa halafu nikamalizia "shemeji hajambo?", kumbe shemeji alishafariki. Akajibu "alhamdulillah" basi. Sasa hivi naandika "nyumbani salama?", yeye mwenyewe achague aseme nini. ONYO lingine ni lile jina la utani. Kama yeye alikuwa analicheka litumie, kama mlikuwa mnalisemea mgongoni kwake liache huko huko.

5. Kimya chenu kipe sentensi moja. Ukiomba radhi mistari minne unamlazimisha akubembeleze, na yeye pia hakukutafuta.

6. Sema kwa nini leo. Sababu ya kweli hata ikiwa ndogo.

7. Maliza na swali moja analoweza kulijibu amesimama kwenye daladala. Tuma. Weka simu chini.

Mfano. Dada mmoja alifanya kazi za kliaringi, kutoa mizigo bandarini, pale Kurasini, anamtafuta deklarenti waliyekuwa naye. Alichokuwa ameandika:

"Mambo kaka, za siku nyingi? Umepotea sana, ndo umetutupa? Familia haijambo? Nina jambo nataka tuongee ukipata muda."

Hakuna jina, "umepotea" ni lawama, na hilo "nina jambo" ndiyo linafunga mlango kabisa, mtu anasoma anaona pochi. Tukakaa tukaibadilisha ikawa:

"Shikamoo kaka Mudi. Ni Zai wa dokumenti, tulikuwa wote Kurasini mpaka 2018, namba yangu imebadilika. Leo mfumo umegoma hapa ofisini tangu asubuhi nikakumbuka ule usiku TANCIS imelala, tunasubiri rilizi ya kontena, ukaagiza chipsi mayai tukala juu ya mafaili na tansadi moja ikapata tomato. Nimekaa kimya muda mrefu, najua. Sina mchango 😀 Bado uko bandarini au ulishahamia kwenye shamba lako la Mkuranga?"

TANCIS ni mfumo wa forodha na tansadi ni fomu ya mzigo, mtu wa nje hana habari navyo. Halafu angalia lile shamba. Mwaka 2018 lilikuwa ndoto ya kupigia stori tu, kwa hiyo likitajwa anajua huyu alikuwa ananisikiliza. Jibu lilikuja usiku ule ule, na picha ya mihogo.

MASWALI

Chuma_Tegeta: mkuu tupia templeti tukopi

Soma namba 4.

Chuma_Tegeta: nimesoma ila nipe hata moja ya jumla

Ya jumla ndiyo unayo tayari, "mambo upo".

Bi Mdogo: Nimetuma Jumatatu, tiki mbili za bluu, leo Alhamisi kimya. Nimtumie "??"

Hapana. Bluu maana yake meseji imefunguliwa, labda akiwa kwenye foleni, akasema nitajibu nikitulia, ikazama chini ya magrupu. Acha wiki mbili tatu kisha rudi na kitu kipya, picha ya zamani mliyopiga wote inafaa sana, na usiulizie ile ya kwanza. Hapo asipojibu mwache, usimpigie. Ikiwa ni tiki moja ya kijivu siku nyingi basi haijamfikia: hana bando, amebadilisha simu au amekublok. Muulize yule wa namba 2.

Mwalimu wa Zamani: Swali langu, mimi kweli nina shida. Ofisi anayofanya sasa wanatangaza nafasi na nataka kuomba. Nianze na salamu wiki nzima ndio niseme?

Swali zuri. Usimzungushe. Ukimpa salamu siku tatu halafu ya nne ukaomba, anarudi nyuma kuona zile salamu zilikuwa chambo. Weka ombi kwenye meseji ile ile ya kwanza, baada ya kumbukumbu, ila liwe dogo kuliko unalotaka. Usiombe kazi, omba taarifa: "Nimeona ofisi yenu mmetangaza nafasi ya uhasibu, nataka kuomba. Ungenishauri nini kuhusu kitengo hicho? Kama hukiangalii wewe wala usihangaike, nimefurahi kukupata." Hiyo ya mwisho inampa pa kutokea, na mtu mwenye pa kutokea hakimbii. Akitaka kukuwekea neno atalisema mwenyewe.

Mwalimu wa Zamani: Asante sana. Na nikimtumia voisi?

Ya kwanza hapana. Voisi ya dakika mbili kutoka namba ngeni nani anaifungua kwenye kikao? Akishajibu, tuma, hapo sauti inasaidia hata kuthibitisha ni wewe.

Nyali_Boy: huku Mombasa mimi husubiri Idi natuma ile picha ya Idi Mubarak kwa wote, si hiyo inatosha?

Hiyo ametumiwa na watu hamsini asubuhi hiyo. Idi ni sababu nzuri, lakini andika jina lake na ile kumbukumbu, picha baki nayo.

Mama Kulwa: Mie nawasevu kwa jina na mahali, "Juma Stoo Vingunguti", "Neema Mapokezi ya pili". Miaka ikipita jina tupu hulijui ni la nani.

Hii nzuri, na mimi naongeza mwaka. Ila sevu kwenye akaunti ya Google siyo kwenye laini.

Chuma_Tegeta: nimemwandikia "Mambo Juma Stoo" amejibu "nani mwenzangu"

Namba 3.