Ukimtumia kibarua wako dawa ya tumbaku, mtumie na glavu

Kabla ya mvua za Tabora kuanza, maduka ya pembejeo ya Kariakoo hupata wateja wa aina moja. Ni watu wanaoishi hapa Dar lakini wana ekari mbili tatu za tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge, na shamba liko mikononi mwa mdogo wao au vibarua. Wananunua dawa, wanafunga boksi, wanapeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, likapande basi. Mwenye huruma huongezea barakoa za kitambaa. Mimi ni bwana shamba, na ushauri wangu kwa watu hawa ni kwamba hela ya barakoa ile ingeanza na kitu kingine.

Harufu ya dawa ndiyo inayotisha, kwa hiyo mtu hufikiria pua na mdomo kwanza. Lakini kwa mtu anayebeba bomba mgongoni, sehemu kubwa ya sumu huingilia kwenye ngozi. Viuatilifu vingi vya majimaji huyeyushwa kwenye mafuta, na ngozi ya binadamu hupitisha vitu vya mafuta bila kuwasha wala kuuma. Kiganja hupitisha polepole. Kwapa, shingo na hasa sehemu za siri hupitisha haraka mara nyingi zaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, na ikishalowa dawa inaibandika usoni. Kama lebo inataka kinga ya kupumulia, basi ni ile ya mpira yenye vichujio vinavyobadilishwa.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye dakika chache za kuchanganya. Tuseme lebo inasema mililita 20 kwa bomba la lita 15. Bomba hilo ni mililita 15,000, yaani dawa imezimuliwa mara 750. Tone moja la dawa ya chupani likikudondokea mkononi ni sawa na kumwagiwa matone 750 ya ile uliyochanganya. Sasa mwangalie kijana anavyofanya: anafungua kizibo kwa mkono mtupu, anapima kwa kizibo hichohicho, dawa inatiririka hadi kwenye kifundo, anaifutia kwenye suruali, kisha anakoroga kwa kijiti kifupi mpaka vidole vinagusa maji. Hapo bado hajapuliza hata tuta moja, na dozi kubwa ya siku nzima ameshaipata. Kisha suruali ile inabaki mwilini hadi jioni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye boksi ni glavu. Zile nyembamba za hospitali hazifai, huchanika na baadhi ya dawa hupenya. Glavu za pamba ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu hunywa dawa na kuishikilia kwenye ngozi. Ulizia glavu nene za naitraili, zinazofika katikati ya kiwiko na kifundo. Zijaze maji uzibinye kabla ya kuzituma. Zikivuja hata kidogo, rudisha. Kibarua akipuliza majani ya chini, mkono wa shati uwe juu ya glavu ili dawa isitiririkie ndani. Tumbaku ikishampita kifua na anainua mkono, ageuze: glavu juu ya shati, na mdomo wa glavu aukunje kidogo uwe kikinga. Akimaliza, azioshe kwa sabuni zikiwa bado mikononi, ndipo azivue.

Pamoja na glavu weka aproni ya plastiki na miwani ya kinga kwa ajili ya kuchanganya, kikombe cha kupimia kisichofanya kazi nyingine, na gambuti. Suruali ikae nje ya gambuti. Ovaroli nzito ya plastiki siipendekezi kwa jua la Tabora: kibarua ataivua saa nne asubuhi na kupuliza kifua wazi. Shati la pamba la mikono mirefu na suruali ndefu, vikiwa vikavu na safi, vitavaliwa mpaka mwisho.

Neno vikavu ndilo linaloharibiwa na bomba. Mabomba mengi ninayoyaona shambani yanavuja kwenye kifuniko, kwa sababu mpira wake umekakamaa au umepotea na mahali pake pamefungwa mfuko wa nailoni. Kila kibarua anapoinama, dawa inamwagika mgongoni na kushuka hadi makalioni na mapajani, kule kule ngozi inakopitisha haraka. Kulijua ni rahisi: jaza maji matupu, funga, lilaze bomba juu ya gazeti kavu na usubiri. Mpira wa kifuniko na wa kishikio ni vitu vya bei ndogo, tuma viwili viwili. Tuma na brashi laini ya mswaki ya kuzibulia nozeli, maana bila hiyo kibarua huipuliza kwa mdomo.

Nguo za kupulizia zifuliwe siku hiyohiyo, peke yake, kwenye beseni ambalo halifuliwi nguo za mtoto. Mara nyingi mfuaji ni mke wa kibarua, naye hufua kwa mikono mitupu nguo ambayo hajui imelowa nini. Kwa hiyo weka jozi mbili za glavu kwenye boksi, kila mtu na yake.

Kuna jambo la tumbaku ambalo halipo kwenye mahindi wala pamba. Jani lenyewe lina nikotini, na likiwa na umande au mvua, nikotini huyeyuka na kuingia mwilini kupitia ngozi. Mchumaji aliyelowa anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma saa chache baadaye, ingawa hakuna aliyepuliza chochote. Dawa yake ni kuchuma umande ukishakauka, na mvua ikinyesha kubadili nguo zilizolowa na kunawa kwa sabuni.

Shida ni kwamba dalili hizo hufanana na za sumu ya dawa za wadudu za kundi la oganofosfati. Hizi huongeza mate na machozi, jasho jingi, kuharisha, misuli kucheza, kifua kubana, na mara nyingi mboni za macho husinyaa zikawa nukta. Ukiona mojawapo ya dalili hizi za nyongeza, usisubiri kujua chanzo. Mtoe shambani, mvue nguo zote, mwogeshe kwa maji mengi na sabuni pamoja na nywele na kucha, na anayemwogesha avae glavu. Maziwa asipewe, wala asitapishwe kwa nguvu. Akilegea, alazwe ubavu; kwa vyovyote akimbizwe hospitali.

Daktari atauliza amepuliza nini, na jibu la "dawa ya wadudu" halimsaidii, kwa sababu atropini inayotibu oganofosfati si tiba ya kila sumu. Hapa ndipo wewe wa Dar una kazi. Usimimine dawa kwenye chupa ya maji au ya soda ili boksi liwe jepesi, na usiifunge pamoja na sukari au unga. Iache kwenye chombo chake chenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kabla ya kufunga boksi, piga picha lebo pande zote, sehemu ya jina la kiambato isomeke, uitunze kwenye simu. Kibarua akizidiwa na chupa imebaki shambani, picha hiyo itafika kwa daktari kwa Wasapu kabla mgonjwa hajashuka kwenye bodaboda.