Kabla ya kuchagua fundi wa bei ya chini, hesabu mifuko

Ukiwa na makadirio ya mafundi watatu kwa nyumba yako pale Nzuguni, Dodoma, usikimbilie jumla. Chukua kazi moja, tuseme zege la sakafu, uipige hesabu mwenyewe. Mita za mraba 60 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, hapo inaingia kama mifuko 38 ya saruji ya kilo 50. Aliyeandika 24 amepunguza unene au saruji, muulize ni kipi. Halafu angalia kilichoachwa: kifusi, kushindilia, na hasa maji ya boza. Asiyeyaandika ayaongeze kwanza, ndipo uwalinganishe. Kwa Dodoma, maji peke yake yanaweza kumpandisha wa bei ya chini.