Somo: utomvu wa ndizi kwenye nguo, uuwahi kabla haujawa kahawia

Wengi tunadanganyika kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi ukidondoka kwenye nguo hauna rangi, unaonekana kama maji tu, unasema ntafua kesho, kesho yake unakuta doa la kahawia au jeusi kabisa. Ni kwamba utomvu una tanini na ndugu zake, afu una kimeng'enya ambacho kikikutana na hewa kinazigeuza kuwa rangi ya kahawia, ni kile kile kinachofanya ndizi uliyomenya ibadilike rangi. Hiyo rangi inajishikiza ndani ya nyuzi, hasa pamba, na joto la pasi au maji ya moto linaikaza zaidi.

Sasa fanya hivi:

1. Futa utomvu kwa kitambaa kikavu kwa kubonyeza, usisugue, ukisugua unausambaza.
2. Geuza nguo ndani nje, mwagia maji BARIDI kutokea nyuma ya doa ili utomvu utoke ulikoingilia.
3. Changanya kijiko kimoja cha siki nyeupe na glasi ya maji baridi (ndimu nayo inafaa), paka, acha dakika 10. Asidi inakipunguza kasi kile kimeng'enya.
4. Suuza, paka sabuni ya maji ya kufulia, loweka nusu saa, fua. Sabuni ya mche iache kwanza, inaweza kulikaza doa la tanini.
5. Iangalie kwenye mwanga ikiwa bado mbichi. Ukiona kivuli cha doa rudia, usianike juani wala kupiga pasi.

Mi mwenyewe shati langu jeupe la pamba lilipata matone mawili siku moja, la kifuani nkaliwahi likatoka lote, la mkononi sikuliona nkalipiga pasi, hilo nililoweka usiku mzima mara mbili kwenye blichi ya oksijeni na maji ya uvuguvugu na bado kimebaki kivuli cha njano.

MASWALI

Mdau: Langu lina wiki sasa, nimwagie tu klorini?
Jibu: Anza na blichi ya oksijeni, fuata kipimo cha kwenye pakiti. Klorini ni kwa pamba nyeupe tu, sufu na hariri inaziharibu. Na kama umeshaweka siki suuza kabisa kwanza, klorini ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu.

Mdau: Mi ni ndizi mbivu mtoto kajipaka, ni vilevile?
Jibu: Kwangua kwanza zile nyama kwa kijiko, halafu hatua zilezile. Inageuka kahawia pia, ila utomvu wa mbichi ndo mkorofi zaidi.

Mdau: Nguo ya rangi je?
Jibu: Jaribu siki kwenye pindo la ndani, ukiona rangi inahamia kwenye kitambaa cheupe, acha.