Kula kabla ya kunywa: namna ya kupiga hesabu ili shibe isikudanganye

Kila meza ya baa ina mtaalamu wa kusema "piga ugali kwanza, utafyonza pombe." Ugali haufyonzi kitu. Pombe huchanganyika na maji yaliyomo tumboni na kubaki pombe ileile. Chakula kinachofanya ni kufunga mlango. Kuta za tumbo huingiza pombe kidogo tu kwenye damu, na sehemu kubwa huingia kupitia utumbo mwembamba. Tumbo likiwa na chakula cha kusaga, mlango wake wa chini hufunguka kidogo kidogo, na pombe husubiri foleni pamoja na nyama.

Hatua ya 1: Hesabu gramu, usihesabu chupa

Zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Chupa ndogo ya konyagi, ml 250 kwa asilimia 35, ina gramu 69, yaani zaidi ya bia tatu.

Hatua ya 2: Kula mlo kamili, na uwe umekwisha kuingia tumboni

Wali maharage, ugali na samaki, chapati na mchuzi, vyote vinafaa. Kijiko cha mafuta ya kupikia si mlo. Kosa la kawaida ni kuagiza nyama choma na bia kwa pamoja. Nyama inakaa jikoni saa nzima au zaidi, na ikifika mezani bia mbili zimeshapita kwenye tumbo tupu. Pombe iliyokwisha kuingia kwenye damu hairudishwi na kachumbari.

Hatua ya 3: Usijipime kwa unavyojisikia

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua mwanamume wa kilo 70 anayekunywa bia nne, gramu 80, kuanzia saa moja usiku hadi saa tatu. Mwilini mwake pombe husambaa kwenye takriban asilimia 68 ya uzito, yaani kilo 47.6. Gawa gramu 80 kwa 47.6, kisha zidisha kwa 100: ingeingia yote kwa mkupuo, damu ingekuwa na miligramu 168 katika kila ml 100. Ini nalo hupunguza kama miligramu 15 kwa saa, wengine kidogo zaidi, wengine pungufu.

Akiwa na njaa, kilele hufika karibu saa tatu na nusu, kwenye miligramu 130 hivi. Kichwa kinazunguka, ulimi mzito, na mwenyewe anajua amelewa. Akiwa ameshiba, kilele husogea mbele hata saa moja au zaidi, na hushuka. Tuseme kimepungua kwa robo: bado ni karibu miligramu 100. Kipimo cha pumzi cha barabarani Kenya kina kikomo cha mikrogramu 35 kwa ml 100 za pumzi, ambazo ni sawa na miligramu 80 hivi kwenye damu. Kwa hiyo aliyeshiba naye amepita kikomo.

Ubaya ni kwamba saa tatu usiku huyu aliyeshiba anajiona mzima kabisa. Anasema "leo haipandi," anaagiza ya tano, au anachukua funguo za gari. Ile ya nne bado iko tumboni. Itamkuta njiani.

Kwa hiyo weka idadi kabla hujaketi na uishie hapo, hata kama hujisikii chochote. Mwanamke wa uzito uleule atumie asilimia 55 badala ya 68, maana kiwango chake hupanda zaidi kwa gramu zilezile.

Hatua ya 4: Kupata saa ya kuondoka

Kwa yule mwanamume wa bia nne, gawa 168 kwa 15: saa 11 na dakika chache tangu bia ya kwanza. Ukianza saa moja usiku, pombe inakwisha mwilini baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Shibe inaweza kupunguza muda huo kiasi, ila mimi nisingeitoa kwenye hesabu, kwa sababu hakuna anayejua imempunguzia kiasi gani. Kahawa na maji baridi havina nafasi katika hesabu hii.

Hatua ya 5: Aliyezimika

Mtu aliyekula vizuri, akanywa haraka kisha akalala, kiwango chake kinaweza kuendelea kupanda akiwa usingizini. Usimwache "alale imtoke." Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo, maana tumbo lililojaa hutapika na matapishi huziba pumzi. Usimtapishe kwa kidole wala kumnywesha maziwa. Ukimwita na kumfinya haamki, anapumua polepole au kwa kukatizakatiza, au midomo imekuwa ya bluu, mpeleke hospitali wakati huohuo, na mtu wa kumshikilia ubavu akae naye kiti cha nyuma.