Simu mbili, bei moja: RAM ya kwenye boksi isikuzuge

Tuseme uko Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, una laki nne na nusu mfukoni. Muuzaji anakuwekea simu mbili kwenye kaunta, bei ileile. Boksi la kwanza limeandikwa 16GB RAM na 256GB. La pili, 6GB na 128GB. Wengi mkono unaenda kwenye la kwanza kabla hata ya kuuliza. Tuzisome kwanza.

Hatua ya 1: Pata jina kamili. Fungua Settings, kisha About phone, unakili namba ya modeli. Jina moja la biashara linaweza kubeba toleo la 4G na la 5G zenye chipu tofauti kabisa. Kisha ingia GSMArena.com, bonyeza Compare, uziweke simu zote mbili bega kwa bega.

Hatua ya 2: Kata mistari inayofanana. Kwa hizi mbili: betri 5000mAh, laini mbili, kamera kuu 50MP, prosesa ya "octa-core". Zikifanana, haziwezi kukusaidia kuchagua. Kamera ndogo ya 2MP iliyo pembeni nayo ikate, hata kama iko kwenye simu moja tu. Iko pale kujaza nafasi.

Hatua ya 3: Ipasue ile 16GB. Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, na hakuna aliyewadanganya, maana maelezo yapo kwa herufi ndogo: 8+8. Nane za kwanza ni RAM halisi. Nane za pili zimekopwa kwenye storeji. Simu inachukua kipande cha storeji na kukitumia kuweka programu ambazo hujazigusa kwa muda. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni 8 kwa 6, siyo 16 kwa 6. Bado simu ya kwanza inaongoza, lakini kwa pengo dogo. Kuhakiki, rudi About phone: simu nyingi zitakuonyesha RAM kwa alama ya kujumlisha.

Hatua ya 4: Tafuta aina ya storeji. Mstari huu hauandikwi kwenye boksi, na mimi ndio nauangalia kabla ya yote. Utakuta eMMC 5.1 au UFS 2.2. Njia ya eMMC 5.1 inaishia megabaiti 400 kwa sekunde, na ikiwa inaandika haiwezi kusoma kwa wakati huohuo. UFS 2.2 njia yake ni pana takriban mara tatu, na inasoma huku ikiandika. Tofauti utaiona siku Play Store inaposasisha programu nawe unataka kufungua M-Pesa ulipe nauli: simu ya eMMC inaganda, kondakta anakusubiri.

Sasa rudi kwenye zile 8GB za kukopa. Zimekopwa kutoka kwenye storeji. Kama storeji yenyewe ni eMMC, RAM hiyo ya nyongeza nayo ni ya mwendo wa kobe.

Mstari usipoandikwa, chipu itakudokezea. Helio G85 inakubali eMMC 5.1 tu, basi hakuna cha kutafuta tena. Unisoc T606 inaweza kubeba UFS, ila kuweza siyo kuwekewa. Watengenezaji wengi huiwekea eMMC kubana gharama.

Hatua ya 5: Soma jina la chipu, achana na idadi ya kori. Simu yetu ya kwanza ina T606, ya pili Helio G99. Zote zina kori nane, mbili kubwa na sita ndogo. Lakini kori kubwa za T606 ni Cortex-A75, za G99 ni A76 ambazo ni za kizazi kipya zaidi. T606 imetengenezwa kwa nanomita 12, G99 kwa 6. Namba ikiwa ndogo, umeme unaoliwa kwa kazi ileile unapungua, ndiyo maana betri mbili za 5000mAh zinaweza zisifike jioni pamoja.

Hatua ya 6: Kioo. 720 x 1600 dhidi ya 1080 x 2400: cha pili kina nukta zaidi ya mara mbili, na kwenye maandishi madogo macho yanaona. Usisahau niti, kipimo cha mwanga wa kioo. Ukifanya kazi juani, kama bodaboda anayesoma ramani, niti ni muhimu kuliko 90Hz, yaani kioo kubadilisha picha mara 90 kwa sekunde.

Mimi ningechukua ya pili. Anayejaza simu video za magrupu ya WhatsApp atabanwa na 128GB, na kadi ya memori itamsaidia kwa picha na muziki zaidi kuliko kwa programu. Huyo amuulize muuzaji toleo la 8/256 la simu ya pili lina nyongeza ya shilingi ngapi, ndipo aanze kupatana bei.