Mapengo kwenye safu nyembamba

Ukisawazisha maandishi pande zote mbili kwenye safu nyembamba, utaona mapengo makubwa kati ya maneno. Kiswahili huumia zaidi kwa sababu maneno yetu ni marefu.

Chukua safu inayobeba herufi 28 kwa mstari, nafasi zikihesabiwa. "Wote wanaohusika na" inachukua 19. Neno linalofuata, "kuwashughulikia", lina herufi 15, kwa hiyo linashuka chini zima zima. Nafasi 9 zilizobaki zinagawanywa kwenye mapengo mawili tu, kila moja likiongezewa nne na nusu. Lakini neno likikatwa kuwa "kuwashu-", mstari unajaa barabara.

Kwenye kurasa za wavuti, `hyphens: auto` hukata maneno pale tu ukurasa umetajiwa lugha, mfano `lang="sw"`, na kivinjari kina kanuni za ukataji za lugha hiyo. Ukiona hakuna kistari popote, weka mwenyewe alama isiyoonekana ndani ya maneno marefu:

```
kuwa­shu­ghu­likia
```

Kata baada ya irabu, na usitenganishe sh, gh wala ng'. Kistari kitaonekana pale tu neno linapovunjwa mwishoni mwa mstari.

Kama maandishi ni mengi na huwezi kupitia neno moja moja, mimi nisingehangaika: pangilia kushoto tu kwa `text-align: left`. Ukingo wa kulia utakuwa na mapengo yasiyolingana, ila nafasi kati ya maneno zitabaki sawa na jicho halitakwama.