Neno la kwanza la kumchekesha dada, na namna ya kusoma jibu lake

Hapa Goma, dada amekwisha kusikia mara mia kwamba uzuri wake unawaka kama volkano ya Nyiragongo. Sifa ya namna hiyo haimwachii la kujibu isipokuwa «asante», na maongezi yanafia hapo. Chukua kitu ambacho wote wawili mnakiona sasa hivi, ujicheke kidogo, kisha umwachie swali.

Mfano, mko kwenye foleni ya samaki wadogo wa sambaza sokoni Virunga: «Dada, nisaidie. Nikifika nyumbani na kafungu haka, mama ataniuliza kama zingine nimezilia njiani. Nimjibu nini?» Hujagusa mwili wake wala nguo yake, na anaweza kujibu bila kujifunga kwa lolote.

Sasa mwangalie. Kicheko cha kweli kinapandisha mashavu na kubana macho, lakini hicho peke yake hakitoshi, maana wengi wanatabasamu kwa heshima tu. Alama ninayoiamini zaidi ni kwamba anaongeza kitu chake: «Mwambie paka amekula!» Akiongeza hivyo, endelea, jitambulishe.

Akitabasamu kwa midomo tu, akajibu «sijui» na kurudi kwenye simu, au akageuza bega, sema «haya dada, siku njema» na unyamaze. Usijaribu neno la pili. Na kama ni yeye anayeuza sambaza, tabasamu lake usilihesabu: yuko kazini, na wewe ni mteja.